Nimechagua miezi 12, Excel inahesabu 4: matatizo ya vitufe vya chaguo, visanduku kunjuzi na miambaa ya kusogeza

Simu ilianza kwa salamu, kama kawaida.

“Shikamoo mwalimu. Ile karatasi ya mikopo imeharibika. Mwanachama anakopa milioni mbili kwa mwaka mmoja, inaniambia arejeshe 518,890 kila mwezi.”

“Marahaba. Riba umeweka ngapi?”

“Moja na nusu kwa mwezi.”

“Na muda?”

“Nimechagua 12, naiona hapa kwenye kisanduku.”

“Hebu tazama seli J4 inasomaje.”

Kimya kidogo. “Nne.”

Aliyepiga ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo. Karatasi ile aliitengeneza mwenyewe, kwa subira ya kutosha, na hakuna kilichoharibika. Kisanduku kilimwonyesha yeye 12, lakini fomula kiliipa 4, kwa sababu 12 ilikuwa ya nne kwenye orodha. Excel haikuonyesha kosa lolote. Ilikokotoa mkopo wa miezi minne, na hesabu ya miezi minne ilikuwa sahihi kabisa.

Karibu kila tatizo la vidhibiti hivi, yaani vitufe, visanduku na miambaa, linatokana na jambo moja: kidhibiti hakijui neno, hakijui shilingi, hakijui asilimia. Kinajua namba nzima tu, nacho huiandika kwenye seli moja uliyokiunganisha nayo. Kuigeuza namba hiyo iwe kitu chenye maana ni kazi ya fomula. Nitatumia karatasi ileile ya mkopo kama mfano, ili ukikwama uwe na pa kulinganishia.

Imepangwa hivi. J2 ni seli ya vitufe vya aina ya riba, J3 ni ya vitufe vya ada, J4 ni ya kisanduku cha muda, J5 ni ya mwambaa wa kiasi na J6 ni ya mwambaa wa riba. Orodha ya miezi iko L2 mpaka L7: 3, 6, 9, 12, 18, 24. Majibu yanayosomwa na binadamu yako safuwima C: C4 ni kiasi cha mkopo, C5 ni riba na C6 ni muda. Usizifiche seli za J mpaka kazi iishe, maana ndizo zitakazokueleza ugonjwa uko wapi.

## Kichupo cha Developer hakipo, au kipo lakini Insert imefifia

Vidhibiti huchorwa kutoka Insert iliyo kwenye kichupo hiki, na kukileta ni jepesi. Bofya kulia popote kwenye utepe wa juu, chagua Customize the Ribbon, kisha weka tiki kwenye Developer upande wa kulia. Kwenye Mac utaikuta ndani ya mipangilio ya Excel, sehemu ya Ribbon & Toolbar.

Kama kichupo kipo ila Insert haibofyeki, angalia kwanza chini kwenye majina ya shiti. Ukiwa umechagua shiti mbili au zaidi kwa pamoja, Excel hairuhusu kuchora kidhibiti; bofya jina la shiti moja kuachanisha. Kama si hilo, huenda shiti imefungwa kwa Protect Sheet. Na kama hata vidhibiti ulivyokwisha kuchora vimetoweka vyote kwa mpigo, kuna uwezekano mkubwa kidole kiligusa Ctrl+6, njia ya mkato inayoficha na kurudisha vitu vilivyochorwa juu ya shiti. Bonyeza tena.

## Nabofya kulia, lakini sioni pa kuandika seli ya kuunganisha

Hapa ulichora kidhibiti cha familia nyingine. Ukibofya Developer kisha Insert, unaletewa makundi mawili: Form Controls juu na ActiveX Controls chini. Picha zake zinafanana kama mapacha, na wengi huchukua iliyo karibu na kipanya. Kitufe cha chaguo kimo juu, na kingine kimo chini. Kisanduku kunjuzi vilevile, na mwambaa vilevile.

Kuvitofautisha si lazima ukisie. Washa Design Mode kwenye Developer, kichague kidhibiti bila kukitumia, kwa kushika Ctrl huku ukikibofya, kisha tazama mstari wa fomula. Cha Form Controls kilichokwisha kuunganishwa kitaonyesha anwani ya seli yake, mathalan `=$J$4`. Cha ActiveX kinaonyesha kitu kama hiki:

```
=EMBED("Forms.ComboBox.1","")
```

Ukiona EMBED, ujue kichupo cha Control ndani ya Format Control hutakiona. Kwa ActiveX unawasha Design Mode, unabofya Properties, na unaandika seli kwenye LinkedCell na orodha kwenye ListFillRange. Ukisahau kuzima Design Mode, kidhibiti kitabaki picha tu: unabofya, hakijibu.

Maoni yangu: kwa karatasi ya namna hii, kifute uchore cha Form Controls. ActiveX haifanyi kazi kwenye Excel ya Mac, na kuanzia Office 2024 Microsoft imeizima tangu mwanzo, kwa hiyo faili iliyokuwa inacheza vizuri kwenye mashine yako inaweza kulala kwenye mashine ya mwenzako. Faida ndogo ya ActiveX ni kwamba maandishi ya kisanduku chake yanaweza kukuzwa. Ya Form Controls hayabadiliki ukubwa, na wenye macho ya miwani hulalamikia jambo hilo kila mara.

## Kisanduku kinaonyesha kitu kimoja, seli ina namba nyingine

Turudi kwa mweka hazina. Alibofya kulia kisanduku chake, akafungua Format Control, na kwenye kichupo cha Control akajaza Input range kuwa L2:L7 na Cell link kuwa J4. Yote sawa. Kosa lilikuwa kwenye rejesho, alipoandika:

```
=-PMT(C5,J4,C4)
```

J4 ni namba ya nafasi. Inasema “kitu cha nne kwenye orodha”, wala haisemi miezi minne. Kinachotakiwa ni seli ya katikati, C6, inayokwenda kwenye orodha na kuchukua kilichoko kwenye nafasi hiyo:

```
=INDEX($L$2:$L$7,J4)
```

Kisha PMT isome C6. Alipobadilisha, rejesho likashuka kutoka 518,890 hadi 183,360, ambalo ndilo sahihi kwa milioni 2 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayopungua.

Tatizo hili lingeweza kukaa miezi bila kugundulika kama tofauti ingekuwa ndogo. Hivyo ukitengeneza kisanduku, usikijaribu kwa chaguo la kwanza peke yake. Chagua la mwisho, kisha soma C6 na J4 kwa pamoja. Kwa orodha hii, ukichagua 24, J4 iwe 6 na C6 iwe 24.

INDEX nayo ina tabia yake. Kabla mtu hajachagua chochote, J4 inaweza kuwa tupu au 0, na kwa INDEX sifuri maana yake ni orodha nzima. Kwenye Excel ya Microsoft 365 utaona namba sita zikimwagika kushuka chini kutoka C6, au kosa la #SPILL! kama kuna kitu njiani. Kwenye matoleo ya zamani C6 itachukua 18 kimyakimya, kwa sababu L6 iko safumlalo moja nayo. Dawa ni fupi:

```
=IF(J4=0,"",INDEX($L$2:$L$7,J4))
```

Rejesho litalalamika mpaka mtu achague muda, na ni afadhali lilalamike.

Kuna ugonjwa wa pili wa kisanduku, nao ni wa kimyakimya zaidi. Siku moja mtu anapanga upya orodha ya miezi, kutoka mkubwa kwenda mdogo, ili 24 ije juu. Orodha sasa ni 24, 18, 12, 9, 6, 3. J4 bado ina 4, kwa sababu hakuna aliyegusa kisanduku. Lakini cha nne sasa ni 9. Mkopo uliohifadhiwa jana kama wa miezi 12 leo unafunguka ukiwa wa miezi 9, na rejesho limepanda hadi 239,220. Faili haijagoma, fomula haijabadilika, na mtu ataapa kwamba hakugusa kitu. Dalili yake ni hiyo: rejesho la zamani limebadilika lenyewe wakati orodha ndiyo iliyoguswa.

Kwa hiyo orodha inayolisha kisanduku ukishaanza kuitumia usiipange upya. Ukitaka kuongeza muda, ongeza mwishoni, kisha urekebishe Input range pamoja na INDEX, zote mbili, maana ukiongeza 36 kwenye L8 bila kuzigusa, kisanduku hakitaionyesha. Na kama unachohitaji ni mtu kuchagua neno na neno lenyewe libaki kwenye seli, sahau kisanduku. Tumia Data Validation ya aina ya List. Ile inaandika kilichochaguliwa chenyewe, na kupanga orodha upya hakuibadilishi seli iliyokwisha kujazwa.

Kisanduku kikionyesha kitu kimoja tu, tazama kama orodha yako imelala kwenye safumlalo. Kisanduku cha Form Controls kinasoma kushuka chini tu. Miezi iliyopangwa L2 mpaka Q2 kitaiona ya kwanza na kuziacha tano. Isimamishe kwenye safuwima.

## Nikichagua ada, chaguo la riba linafutika

Kwenye karatasi hii kuna maswali mawili ya vitufe. La kwanza: riba inayopungua, au isiyopungua. La pili: ada ya mkopo ikatwe ndani ya mkopo, au ilipwe taslimu. Vitufe vinne kwa jumla. Ukivichora tu, vyote vinne vinakuwa swali moja, kwa sababu Excel huhesabu vitufe vyote vya chaguo vilivyoko kwenye shiti kuwa kundi moja linalotumia seli moja. Ukibofya “taslimu”, nukta ya “inayopungua” inaondoka, na J2 inapokea 4. Kama fomula ya rejesho ilitumia CHOOSE yenye majibu mawili, utaona #VALUE!, maana hakuna jibu la nne.

Kosa hilo likionekana ni bahati. Mwenzetu alikuwa ametumia IF, hivi:

```
=IF(J2=1,-PMT(C5,C6,C4),(C4+C4*C5*C6)/C6)
```

Hapa J2 ikiwa 3 au 4, IF inaichukulia kama “siyo 1” na inahesabu riba isiyopungua. Rejesho la mkopo uleule wa milioni 2 linatoka 183,360 na kuwa 196,667, kwa sababu tu mtu alijibu swali la ada. Jaribu kumweleza mwanachama hilo dirishani.

Tiba ni Group Box, ile yenye herufi XYZ kwenye menyu ya Insert. Chora fremu moja kuzunguka vitufe viwili vya riba, na nyingine kuzunguka viwili vya ada. Baada ya hapo bofya kulia kitufe kimoja cha ada, ingia Format Control, kisha Control, na uandike J3 kwenye Cell link. Kimoja kinatosha; mwenzake wa ndani ya fremu atafuata. Fanya vivyo hivyo kwa riba na J2.

Wengi huchora fremu na bado tatizo linabaki. Sababu ni kwamba kitufe ni kipana kuliko kinavyoonekana. Bofya kulia kitufe, na utaona viduara vya pembeni vinavyoonyesha mpaka wake halisi. Mara nyingi unaenda mbali kulia kuliko maneno. Mpaka huo ukichomoza nje ya fremu hata kidogo, kitufe hicho hakihesabiwi kuwa ndani. Kipunguze upana, au panua fremu. Kisha jaribu: bofya vitufe vyote vinne kimoja kimoja huku macho yakiwa kwenye J2 na J3. Kila seli iruke kati ya 1 na 2, isifike 3 kamwe, na kubofya upande mmoja kusiiguse seli ya upande wa pili.

Kama namba zinatoka kinyume, yaani kitufe cha juu kinatoa 2 na cha chini kinatoa 1, hilo ni suala la kuzaliwa. Namba hufuata mpangilio wa kuchorwa, si wa kukaa kwenye shiti. Ulichora cha chini kwanza. Njia rahisi ni kubadilishana nafasi zao. Usihangaike na fomula.

Fremu zenyewe hazipendezi, nakubali. Usizifute, maana ukifuta unavunja makundi. Zifiche. Bonyeza Alt+F11, kisha Ctrl+G, andika mstari huu kwenye dirisha linalofunguka chini na ubonyeze Enter:

```
ActiveSheet.GroupBoxes.Visible = False
```

Vitufe vinaendelea kukaa kwenye makundi yao, na mistari haionekani. Ukitaka kuzirudisha, andika True mahali pa False.

## Mwambaa unakataa milioni tano

Umechora mwambaa wa kiasi cha mkopo, ukafungua Format Control, ukaandika 5000000 kwenye Maximum value. Excel inakataa. Mwambaa wa Form Controls unaanzia 0 na unakomea 30,000. Hauendi chini ya sifuri na haujui nukta ya desimali, kwa hiyo hata 0.015 ya riba utaikataa.

Usigombane nao. Ufanye uhesabu hatua, na shilingi ziache kwa fomula. Tuseme mikopo ni kuanzia 100,000 hadi 5,000,000, na inapanda kwa 50,000. Minimum iwe 2, Maximum 100, Incremental change 1, Page change 10, na Cell link J5. Kisha C4 iwe:

```
=J5*50000
```

Kwenye 40, C4 inasoma 2,000,000. Mshale mmoja unaongeza 50,000. Kubofya kwenye nafasi iliyo wazi kati ya mshale na kibao kunaongeza 500,000. Kwa riba, Minimum 5, Maximum 30, Cell link J6, na C5 iwe `=J6/1000` ikiwa na mwonekano wa asilimia yenye desimali moja. Kumi na tano inakuwa 1.5%. Ukihitaji namba hasi mahali pengine, toa kitu: `=J7-50` kwenye mwambaa wa 0 mpaka 100 inakupa kati ya -50 na 50.

Miambaa miwili ikienda pamoja, ukisogeza mmoja na mwingine unafuata, ulikopi wa kwanza kutengeneza wa pili. Nakala hurithi seli ya mzazi wake. Ishikie Ctrl, bofya, na mstari wa fomula utakuonyesha `=$J$5` kwa zote mbili. Badilisha ya pili.

## Fomula yangu inafutika kila ninapobofya

Uliunganisha mwambaa moja kwa moja na C4, mahali ulipokwisha kuandika fomula. Kidhibiti hakiulizi, kinaandika namba juu yake, na fomula imekwenda. Kama ni sasa hivi, Ctrl+Z inaweza kukuokoa. Kisha hamishia Cell link kwenye J5, seli isiyo na kitu. Kiungo hiki ni cha njia mbili: ukiandika 60 ndani ya J5 kwa mkono, kibao cha mwambaa kitasogea chenyewe.

Kama namba ya J inabadilika ila rejesho limeganda, nenda kichupo cha Formulas, kisha Calculation Options, uone kama imewekwa Manual. Rudisha Automatic. Hili huja na faili la mtu mwingine: ukilifungua kwanza, Excel inachukua mpangilio wake na kuutumia kwa mafaili mengine yote uliyofungua.

## Nikifunga shiti, kila kidhibiti kinaleta onyo

Mweka hazina alipiga tena jioni. Rejesho lilikuwa sawa sasa, akafunga shiti kwa Protect Sheet ili wenzake wasiharibu fomula, na kuanzia hapo kila akibofya kisanduku anaambiwa seli iko kwenye shiti iliyolindwa. Ni kweli: kidhibiti kinaandika kwenye J4, na J4 imefungwa pamoja na nyingine zote.

Fungua kwanza ulinzi. Chagua J2 mpaka J6, bonyeza Ctrl+1, nenda Protection, ondoa tiki ya Locked, kisha funga shiti upya. Ukitaka watu wasizione namba hizo, njia bora ni kuongeza shiti nyingine isiyolindwa, kwa mfano Viungo, uelekeze kila Cell link huko na urekebishe fomula za safuwima C zisome kutoka huko, halafu uifiche shiti hiyo. Yeye alichagua njia ya kwanza, akazipaka seli za J rangi nyeupe juu ya nyeupe. Nilimwambia aache J4 ionekane.